Jina la Ng'wandu lilivyovurugika: uchambuzi wa faili tatu za orodha ya wakulima wa tumbaku

Kisa hiki kilitokea Tabora mjini, katika duka letu la uchapaji, wakati vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku vilipokuwa vinaandaa orodha za wanachama kwa ajili ya malipo. Katibu wa chama kimoja alituletea daftari lenye majina 386, tukayachapa katika Word, tukayakagua naye jina kwa jina, kisha tukahifadhi nakala ya maandishi matupu, yaani faili yenye kiendelezi cha `.txt`, kwa sababu programu ya malipo iliyokuwa kwenye kompyuta ya chama haikupokea faili ya aina nyingine. Siku mbili baadaye Katibu alirudi na orodha iliyochapishwa kutoka katika programu ile. Alisimama mbele ya meza yangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuniambia, "Kijana wangu, mashine imeyala majina ya watu." Mahali palipotakiwa kusomeka Ng'wandu palikuwa pameandikwa `Ngâ€™wandu`.

Tulihesabu pamoja. Majina 41 yalikuwa yameharibika na mengine 345 yalikuwa salama kabisa. Katika yale 41, majina 37 yalikuwa na ng' ndani yake, jambo lisilo la ajabu katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma ambako sauti hiyo huanza majina mengi, na manne yaliyobaki yalikuwa ya wanachama wenye asili ya Burundi wanaolima upande wa Ulyankulu, wenye majina kama André na Désiré, ambayo huandikwa kwa herufi é. Hesabu hiyo peke yake ilinitosha kuondoa dhana ya kirusi cha kompyuta, ambayo karani wa chama alikuwa ameanza kuieneza. Kirusi hakichagui ng' na é na kuacha kila kitu kingine. Palipo na uharibifu unaogusa herufi fulani tu, na kuzigusa kwa namna ile ile kila zinapotokea, sababu ni usimbaji: faili imeandikwa kwa jedwali moja la herufi na kusomwa kwa jedwali jingine.

Ni vyema nieleze jambo hili polepole, kwa kuwa yote yanayofuata yanasimama juu yake. Faili ya maandishi matupu haina herufi ndani yake. Ina namba, kila moja kati ya 0 na 255, ambazo huitwa baiti. Programu inayoifungua ndiyo inayoamua kila namba iwe herufi gani. Faili ya Word hubeba ndani yake maelezo ya namna ya kuisoma, lakini faili ya `.txt` kwa kawaida haibebi, na hivyo anayeifungua hulazimika kujua au kukisia. Herufi za kawaida za Kiswahili, yaani a mpaka z, tarakimu na alama za kawaida, zina namba zile zile katika majedwali karibu yote tunayokutana nayo, na ndiyo maana majina 345 hayakudhurika. Tofauti huanza nje ya kundi hilo. Katika jedwali linaloitwa Windows-1252, ambalo ndilo kompyuta nyingi za Windows za kwetu hulitumia zikisema `ANSI`, herufi é ni baiti moja tu, E9 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, nitakayoitumia kutaja kila baiti. Katika jedwali jingine, UTF-8, herufi hiyo hiyo ni baiti mbili, C3 na A9. Anayesoma baiti hizo mbili kwa macho ya Windows-1252 huona herufi mbili, Ã na ©, na André anakuwa `AndrÃ©`.

Lakini ng' ilikuwa na kosa gani, ilhali ritifaa iko kwenye kila kibodi? Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Ritifaa tunayoibonyeza kwenye kibodi imenyooka, nayo ni baiti moja, 27, katika majedwali yote niliyoyataja. Word, hata hivyo, huibadilisha palepale tunapoandika na kuweka ritifaa iliyopinda, ’, ile inayopendeza vitabuni. Kwa macho tofauti ni ndogo mno. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa: iliyopinda katika Windows-1252 ni baiti 92, na katika UTF-8 ni baiti tatu, E2, 80 na 99. Baiti hizo tatu zikisomwa kwa Windows-1252 zinakuwa â, € na ™, na hapo ndipo lilipotoka `Ngâ€™wandu`. Sisi tulikuwa tumehifadhi kwa UTF-8, tukiamini kwamba ndio usimbaji bora, na programu ya malipo ikasoma kwa Windows-1252 bila kuuliza. Hakuna baiti hata moja iliyopotea. Zilisomwa vibaya tu.

Kama kisa kingeishia hapo, kazi ingekuwa ya dakika kumi. Kwa bahati mbaya, kabla Katibu hajatufikia, watu wawili walikuwa wamekwisha kujaribu kuitengeneza orodha ile, kila mmoja kwa nia njema, na nilipoomba niletewe kila kilichokuwepo nilipata faili tatu ambazo kila moja ilikuwa na ugonjwa wake.

Faili ya kwanza ilikuwa yetu, na ilikuwa nzima. Niliifungua katika Notepad, nikatazama upande wa kulia wa mstari wa chini wa dirisha, ambako matoleo ya tangu mwaka 2019 huonyesha usimbaji, nikakuta `UTF-8` na majina yote yakisomeka sawasawa.

Faili ya pili ilitoka ndani ya programu ya malipo. Karani alipoona majina yameharibika aliitoa orodha yote kama maandishi matupu, akasahihisha majina sita kwa mkono katika Notepad, akahifadhi, kisha akairudisha ndani ya programu. Matokeo yalimkatisha tamaa. Majina ambayo hakuyagusa yalizidi kuharibika, na moja katika yale sita aliyoyasahihisha, lile la André, lilirudi likiwa bovu kama mwanzo. Alinieleza kwa uchungu kwamba mashine "inakataa masahihisho", na kwa kweli anayeangalia kioo tu hawezi kufikia hitimisho jingine. Kilichotokea ni kwamba programu hutoa faili kwa UTF-8 lakini hupokea kwa Windows-1252. Kwa hiyo kila safari ya kutoka na kurudi huongeza tabaka moja la uharibifu: herufi â, € na ™, ambazo sasa zilikuwa herufi halali ndani ya programu, ziliandikwa upya kwa UTF-8, kila moja kwa baiti mbili au tatu, kisha baiti hizo zote zikasomwa tena moja moja. Jina hukua kwa namna inayoweza kupimwa. Nimeliandika hapa katika hatua zake nne, pamoja na idadi ya baiti zake likihifadhiwa kwa UTF-8. Mstari wa kwanza una ritifaa iliyonyooka na wa pili iliyopinda:

```
Ng'wandu           baiti 8
Ng’wandu           baiti 10
Ngâ€™wandu         baiti 15
NgÃ¢â‚¬â„¢wandu    baiti 25
```

Anayeifahamu ngazi hii anaweza kutazama jina bovu na kusema mara moja limepita mikono mingapi. Ukiona `â€™` ni safari moja. Ukiona mfuatano unaoanza kwa `Ã¢â‚¬` ni safari mbili. Jina la André, kwa kuwa karani alikuwa amelisahihisha kabla ya safari ya pili, lilikuwa limeharibika mara moja tu, `AndrÃ©`, ilhali la Désiré lilikuwa limeharibika mara mbili. Kwa hiyo faili moja ilikuwa na mistari mizima, mistari ya tabaka moja na mistari ya matabaka mawili, na tiba yoyote ilipaswa kuutambua mchanganyiko huo.

Faili ya tatu ndiyo iliyonihuzunisha zaidi. Karani mwingine alikuwa ameichukua hati yetu ya Word, akaihifadhi upya kama `Plain Text`, na dirisha la `File Conversion` lilipotokea aliacha chaguo lililokuwepo, `Windows (Default)`. Chaguo hilo huandika kwa Windows-1252. Hilo ndilo jedwali ambalo programu ya malipo ilikuwa inalisubiri, na kama faili ile ingepakiwa moja kwa moja majina yote 386 yangetokea sahihi. Badala yake aliituma kwenye simu ya Katibu ili namba za simu za wanachama wachache zirekebishwe. Programu ya kuhariri maandishi iliyokuwa kwenye simu ilisoma kwa UTF-8, ambamo baiti 92 au E9 ikiwa peke yake kati ya herufi za kawaida haina maana yoyote, na kila ilipokutana na baiti kama hiyo ilionyesha alama �. Mpaka hapo hakuna kilichokuwa kimeharibika. Katibu akasahihisha namba za simu, akabonyeza kuhifadhi, na wakati huo alama zile za � zikaandikwa kwenye faili kama herufi halisi, kwa baiti EF, BF na BD, juu ya zile za zamani. Tulipoijaribu faili hiyo kwenye programu ya malipo, jina likasomeka `Ngï¿½wandu`, na André akawa `Andrï¿½`.

Linganisha alama hizo na zile za faili ya pili, maana tofauti yake ndiyo inayoamua kama kuna tiba. Katika faili ya pili ritifaa imekuwa takataka ya namna moja na é imekuwa takataka ya namna nyingine, na kwa kuwa kila herufi ina takataka yake, tunaweza kurudi nyuma. Katika faili ya tatu ritifaa na é zote zimekuwa kitu kimoja. Aliyetazama � hawezi kujua palikuwa na nini, na hakuna amri wala programu itakayomsaidia. Ndivyo ilivyo pia pale herufi zinapogeuzwa kuwa alama ya kuuliza. Faili ya tatu ilibaki na thamani moja tu, nayo ni namba za simu alizozirekebisha Katibu, ambazo tuliziokoa na kuyaacha majina yake.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusirudi tu kwenye faili ya kwanza na kuyasahau mengine. Ndivyo ambavyo ningefanya kama ingewezekana, na ndivyo ninavyomshauri yeyote ambaye bado ana chanzo chake. Lakini kwa muda wa siku zile karani alikuwa ameendelea kuingiza uzito wa tumbaku ya kila mkulima ndani ya programu, na taarifa hizo zilikuwa zimeambatana na majina mabovu. Ilitulazimu kuyaponya majina mahali yalipo.

Tiba ya takataka za namna ya faili ya pili ni kuurudisha mchakato kinyumenyume: maandishi yanasimbwa kwa Windows-1252 ili zipatikane baiti za awali, kisha baiti hizo zinasomwa kwa UTF-8 kama zilivyopaswa kusomwa tangu mwanzo. Nilitumia Python, nikafanya kazi mstari kwa mstari:

```
def rudisha(mstari):
    try:
        return mstari.encode("cp1252").decode("utf-8")
    except UnicodeError:
        return mstari
```

Sehemu ya `except` ndiyo inayoifanya njia hii ifae kwa faili yenye mchanganyiko. Mstari uliokwisha kuwa mzima na wenye é ukirudishwa nyuma utatoa baiti E9 ambayo haikubaliki katika UTF-8, kosa litatokea, na mstari utaachwa ulivyo. Kwa hiyo niliweza kuipitisha faili nzima mara mbili: mara ya kwanza mistari ya tabaka moja ikapona na ile ya matabaka mawili ikashuka ngazi moja, mara ya pili hiyo iliyosalia ikapona, na ile iliyokwisha kupona haikuguswa. Njia hii ina mpaka wake. Mstari mmoja ukiwa na herufi nzima kama é na herufi bovu kwa pamoja, kosa litatokea na sehemu bovu itabaki. Tena, baadhi ya herufi hupoteza sehemu yake njiani. Herufi à, kwa mfano, ikiharibika inakuwa Ã ikifuatwa na nafasi isiyoonekana, na mtu akifuta nafasi za ziada kwa ajili ya usafi anakuwa ameitupa nusu ya herufi. Kwa sababu hiyo sikuwaruhusu vijana wangu kusafisha chochote kabla ya kurudisha, na baada ya kurudisha tulitafuta herufi Ã, â na ï katika faili nzima ili kuona kama kuna kilichobaki. Hakikubaki kitu.

Lilifuata swali la kuzuia jambo hili lisijirudie, na hapa nilichukua msimamo ambao wapo watakaoupinga. Kwa orodha za majina, nashikilia kwamba ritifaa ya ng' iandikwe ikiwa imenyooka, hata kama iliyopinda inapendeza zaidi kwenye karatasi. Sababu ya kwanza tumekwisha kuiona: baiti 27 haibadiliki katika jedwali lolote kati ya haya. Sababu ya pili haihusiani na usimbaji, lakini inauma zaidi. Hata faili ikisomwa kwa usahihi kabisa, karani anayetafuta Ng'wandu kwa kubonyeza kibodi hataipata Ng’wandu katika programu nyingi, kwa kuwa kwa kompyuta hayo ni majina mawili. Na chama kikituma taarifa za malipo kwa ujumbe mfupi wa simu, ritifaa moja iliyopinda inaulazimisha ujumbe wote kutumia usimbaji mwingine, ambamo nafasi hupungua kutoka herufi 160 hadi 70, na gharama inaweza kuongezeka kwa ajili ya alama ambayo hakuna aliyeikusudia.

Ritifaa hunyooshwa kwenye chanzo, ndani ya Word. Unaingia `AutoCorrect Options`, kwenye ukurasa wa `AutoFormat As You Type`, unaondoa alama kwenye `"Straight quotes" with "smart quotes"`. Kisha unafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, unaandika ritifaa katika sehemu zote mbili na kuagiza zibadilishwe zote. Inaonekana kama kubadilisha kitu kwa kitu kilekile, lakini Word inapotafuta ritifaa huzipata za aina zote mbili, na kwa kuwa badiliko la kujiendesha limezimwa, inayowekwa ni iliyonyooka. Ukiusahau utaratibu na kubadilisha kabla ya kuzima, Word itaipinda tena kila ritifaa unayoiweka, na utaona kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Hilo linamaliza ng' lakini halimalizi é, na sikubali kwamba Désiré aandikwe Desire kwa ajili ya kuirahisishia mashine kazi. Kwa herufi hizo hakuna jedwali lililo sahihi peke yake. Sahihi ni lile ambalo msomaji wa faili atalitumia, na kwa hiyo ni lazima liulizwe au lijaribiwe. Tulitengeneza faili ya mstari mmoja yenye ng' na é, tukaihifadhi kwa namna mbili, tukaipakia kwenye programu ya malipo na kutazama ni ipi inayosomeka. Baada ya hapo tuliamua kwamba nakala kuu ikae kwetu kwa UTF-8, na nakala ya programu itengenezwe kutokana nayo kila inapohitajika:

```
iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 orodha.txt > orodha-malipo.txt
```

Ninaipenda amri hii kwa kuwa husimama na kutoa taarifa ya kosa inapokutana na herufi isiyokuwemo katika jedwali la pili, badala ya kuweka alama ya kuuliza kimyakimya. Asiyeitumia anaweza kutegemea dirisha la `File Conversion` la Word, ambalo huonyesha kwa rangi nyekundu herufi zisizoweza kuhifadhiwa kwa usimbaji uliochaguliwa. Ni lazima tu alisome kabla ya kubonyeza `OK`. Faili inayokusudiwa kufunguliwa kwa Excel ina jambo lake la ziada: huhifadhiwa `UTF-8 with BOM`, ili baiti tatu za mwanzo ziitambulishe kwa Excel. Baiti hizo hizo, programu isiyozijua ikizisoma kwa Windows-1252, huonekana kama `ï»¿` mbele ya kichwa cha safu ya kwanza, na nimewahi kuona orodha nzima ikikataliwa kwa sababu safu ya `Jina` haikutambulika.

Tulipakia orodha mpya siku ya Alhamisi, na Katibu akataka tulinganishe kila jina na daftari lake kabla hajatia sahihi. Nilidhani ni uangalifu uliopitiliza, kwa kuwa nilikwisha kutafuta alama zote za uharibifu. Tulipofika mstari wa mia mbili na kitu alininyamazisha kwa mkono. Kwenye kioo palikuwa na Ngwandu, bila ritifaa, na kwenye daftari palikuwa na Ng'wandu pembeni ya alama ya kidole gumba cha mwenye jina. Yalikuwa mawili ya namna hiyo. Karani alipokuwa akisahihisha yale majina sita, katika mawili alikuwa amefuta takataka bila kurudisha kilichokuwa mahali pake, na kwa kuwa zilizobaki zilikuwa herufi za kawaida, hakukuwa na baiti yoyote ambayo ningeweza kuitafuta. Katibu aliyatamka majina yote mawili kwa sauti, taratibu, mimi nikaandika.